Jibu la Collins

Katika darasa la Mwalimu Nabwire hakuna jibu baya lililokosa mwenyewe. Walimu wengine pale Kawangware, wakitunga maswali ya kuchagua, hujitungia majibu mabaya kutoka kichwani, tena mengine ya kipuuzi kiasi kwamba hata mlinzi wa lango angeyakwepa. Nabwire hakuwa hivyo. Yeye aliokota makosa ya wanafunzi wake mwenyewe kutoka ubaoni, kisha akayarudisha kwenye swali yakiwa A au B au D, na kila moja likabaki na jina la aliyelizaa. "Hiyo ni ya Bridgit," darasa lilikuwa likisema, na Bridgit akicheka huku amejificha uso nyuma ya daftari.

Kucheka ruksa, lakini kazi ilikuwa bado. Sheria ya darasa hilo ilisema mwenye jibu ndiye hulivunja. Mwalimu hakuvunjii, na jirani yako haruhusiwi kukunong'oneza. Unasimama mbele ya wenzako na kueleza jibu lako limeshindwa wapi, kwa maneno yako, mpaka waridhike. Kama leo hulioni kosa, unakwenda nalo nyumbani, unalala nalo, unarudi nalo. Nabwire aliamini kwamba kosa ulilolivunja kwa mkono wako halikurudii tena, na mtu akiangalia matokeo ya darasa lake ni vigumu kumbishia.

Chukua swali la maji. Haidrojeni na oksijeni zinaungana kuwa maji. Ni mlinganyo upi uliosawazishwa kwa nambari ndogo kabisa? Jibu A lilikuwa H₂ + O₂ → H₂O, la Austine, kijana wa Kianda, huko Kibera, mwenye haraka ya kila kitu. Alihesabu kwa vidole akaona oksijeni mbili zimeingia na moja tu ndiyo imetoka. "Nyingine iko wapi, Austine?" "Nimeiiba, madam," akakiri, na jibu likavunjika hapo hapo. B ilikuwa ya Morris, H₂ + O₂ → H₂O₂, na hiyo ilimtoa jasho. Ukihesabu, kila kitu kimelingana, mbili huku na mbili kule. Ilibidi alale nayo ndipo aje kusema kwamba amechezea ile nambari ndogo ya chini, na ukiichezea hiyo umegeuza kitu chenyewe: hayo si maji tena, ni ile dawa ya kusafishia vidonda. Unaruhusiwa kugusa nambari kubwa ya mbele peke yake, inayosema viko vingapi. D ilikuwa 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O, ya Bridgit, mtu wa kuzidisha hata chumvi. Yake ililingana kabisa, ila nambari zake zote bado ziligawanyika kwa mbili. Ikabaki C, 2H₂ + O₂ → 2H₂O, ambayo haikuitwa kwa jina la mtu yeyote.

Basi ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye meno, Nabwire alipoandika ubaoni swali la makaa.

*Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha, ni mlinganyo upi ulio sahihi na uliosawazishwa?*

*A. C + O₂ → CO₂*
*B. C + O₂ → CO*
*C. 2C + O₂ → 2CO*
*D. C + O → CO*

B ilikuwa ya Austine tena, na tena alikuwa ameiba oksijeni. Darasa lilimzomea kwa furaha. D ilikuwa ya Morris. Atomu zake zilitosheana, moja moja pande zote, lakini safari hii hakuhitaji kulala nayo. Alisema oksijeni ya hewani haitembei peke yake, hutembea wawili wawili, kwa hiyo yeye ameanza na kitu ambacho hakiko hewani.

A ilikuwa ya Collins Muia.

Collins alitoka Soweto West, huko Kibera, na kila asubuhi alikuja Kawangware kwa miguu, viatu vikiwa vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili visichafuke kwa matope. Mrefu, mpole, mbishi. Nabwire alimpenda kwa ule ubishi. Mwalimu yeyote atakuambia hapendelei mwanafunzi, na mwalimu yeyote anadanganya.

"Madam, hii yangu iko fiti," Collins alisema. "Carbon moja huku, moja kule. Oxygen mbili, mbili. Sijachezea namba yoyote."

"Imelingana. Sijakataa."

"Sasa imekosea wapi?"

"Hilo wewe ndiye utaniambia."

"Soma swali, wewe!" Bridgit akashindwa kuvumilia, na darasa zima likamnyamazisha, maana alikuwa anavunja sheria.

Collins akalisoma swali kwa sauti. Pasipo hewa ya kutosha. Akageuka kumtazama mwalimu wake, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli. "Lakini madam, si hewa iko kila mahali? Itakosaje kutosha?"

Walicheka wote, Nabwire naye akacheka. Hilo lilikuwa jibu baya la aina aliyoipenda kuliko zote, lililo sawa kwa hesabu na likashindwa kwa sababu ya maneno matatu manne yaliyo juu yake. Jibu kama hilo haliwi bovu kwa sababu ya mwenye kuhesabu. Ni sahihi kabisa kwa moto mwingine, moto wa mahali penye hewa. Angeweza kumwambia kwa sentensi moja. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kengele ililia, na Collins akasema, "Nipatie mpaka Monday. Nitaivunja mwenyewe, utaona," na Nabwire akasema haya, kaa nayo wikendi.

Jumatatu Collins hakuja. Aliyekuja ni Austine, amechelewa, macho mekundu, akasimama mlangoni bila kuomba ruhusa ya kuingia. Walimkuta Collins asubuhi ile kitandani kwao, kitabu kimemwangukia kifuani, jiko limejaa majivu miguuni pake. Mamake alikuwa amelala kwa dada yake aliyejifungua, huko Kianda. Hospitali walisema ni hewa ya makaa.

Nabwire alikaa kwenye kiti chake. Hakulia mbele yao. Aliangalia ubao, na ubao ulikuwa bado na swali la Ijumaa kwa sababu hakuna aliyekuwa na zamu ya kufuta, na akaona herufi A, na akainuka akaifuta kwa kiganja cha mkono.

Walimzika Kitui. Darasa lilirudi kwenye masomo, lakini swali la makaa halikurudi. Siku moja Nabwire alijaribu kulimalizia, kwa kuwa linakuja sana kwenye mitihani, akauliza nani atavunja A. Hakuna mkono ulioinuka. Bridgit, ambaye jibu lilikuwa limemwasha midomoni siku ile, aliinamisha kichwa. Sheria ni sheria, mwenye jibu ndiye hulivunja. Nabwire akaruka, akaenda mada nyingine. Tangu siku hiyo alikuwa akilala vibaya, na alijua kwa nini, na hakumwambia mtu.

Mama yake Collins alikuja shuleni Ijumaa moja wakati wa mapumziko. Kalondu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani, na alisalimia kila aliyekutana naye kwa mkono, hata watoto wa darasa la chini. Nabwire alimkaribisha kwenye darasa tupu, wakaketi kwenye dawati moja.

"Mwalimu, sitakupotezea wakati. Nimekuja kuomba Austine. Kesho wazee wa kijiji pale Soweto wanakaa, nataka aje aseme kitu kimoja tu. Kwamba alimwona Collins akila githeri ya Katunge ile jioni."

"Katunge ni nani?"

"Jirani yangu. Ukuta kwa ukuta. Tumetoka naye kijiji kimoja huko kwetu." Kalondu alisema hayo bila kupandisha sauti. "Anauzia githeri hapo kwa gate ya plot. Nikienda mahali, yeye ndiye humlisha mtoto. Nilimwachia mtoto mzima, mwalimu. Mtoto alikula kwa mkono wake, akalala, akafa. Mtu anataka nini zaidi ya hapo?"

"Hospitali walisema makaa, Mama Collins."

"Walisema." Alitikisa kichwa. "Mimi nimepika na makaa tangu nikiwa mtoto. Makaa mabaya ni yale yana moshi. Lile jiko nililiwasha nje, nikapepea, nikangoja mpaka likashika vizuri, jekundu, hakuna moshi hata kidogo. Ndio nikaliingiza. Kulikuwa na baridi, uniform yake ilikuwa mbichi. Moshi ungemuua vipi na moshi haukuwa?"

Nabwire aliijua desturi hiyo. Kila nyumba anayoijua, yake mwenyewe ikiwemo alipokuwa mdogo, ilifanya hivyo hivyo: jiko linawashwa nje, linaachwa mpaka moshi uishe, kisha linaingizwa ndani kwa amani. Watu wazima wenye akili timamu hufanya hivyo kwa uangalifu, wakidhani wameondoa hatari, kumbe wameondoa ile inayoonekana.

"Na Katunge anasemaje?"

"Analia tu. Vijana wamemwaga sufuria zake. Landlord amemwambia atoke, lakini anataka kusikia wazee kwanza. Kesho akitoka, mimi nitalala."

Hapo Nabwire alijaribiwa, tusifiche. Aliwaza kwamba Katunge ana miguu, anaweza kuhama, akauzie githeri Kangemi. Lakini mama huyu atahamia wapi? Ukimwondolea Katunge unambakizia nini, ila mikono yake mwenyewe na kile kipepeo alichopepelea? Ni ukatili gani huo wa kumpokonya mtu adui aliyemsaidia kusimama? Angesema tu, nitamwita Austine, na mambo yangekwisha. Angerudi kusahihisha madaftari.

Lakini akamfikiria yule mwanamke mwingine, ambaye hajawahi kumwona, akiokota mahindi na maharagwe ya githeri yake kwenye matope.

Kengele ililia, wanafunzi wakaanza kuingia. Walipomtambua mgeni walisimama kwenye kuta, hawajui wakae au watoke. Austine alikuja akamsalimu kwa mikono miwili.

"Pole, mama."

"Asante, baba. Wewe ndiye mlikuwa mnakaa na yeye?"

"Hapa." Akamwonyesha dawati. Kisha, kwa sababu hakujua kunyamaza na alitaka kumpa mama kitu chochote kile cha mwanawe, akasema, "Tena ako na jibu lake. Hatujaligusa. Linamngoja tu."

"Jibu gani?"

Darasa lilimtazama mwalimu. Nabwire angeweza kubadilisha mazungumzo hata wakati huo. Badala yake alichukua chaki, akaandika swali lote, kutoka mstari wa juu hadi D.

Kalondu alikuwa amesoma mpaka darasa la nane. Aliinuka akakaribia ubao, akasoma taratibu, midomo ikitembea. "Ya Collins ni ipi?"

"Ya kwanza."

"Nielezee. Nataka kujua mtoto wangu alikuwa anajua nini."

Nabwire alimwelezea. Alichukua vifuniko vya soda anavyofundishia, vyeusi vikiwa kaboni na vyekundu oksijeni, akavipanga mezani mbele yake kama mtu anavyompangia mgeni vyakula. Akamwonyesha B, jinsi vifuniko viwili vyekundu vinavyoingia na kimoja kinavyokosekana upande wa pili. Akamwonyesha D, jinsi kifuniko chekundu kimoja peke yake hakipatikani hewani. Akamwonyesha C, vyeusi viwili na jozi moja ya vyekundu, vinatoka viwili viwili, kila cheusi na chekundu chake kimoja, hakuna kilichopotea. Kalondu alifuata kwa kidole. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Mtu aliona ubishi wa Collins ulikotoka.

Kisha akaipanga A mwenyewe. Cheusi kimoja, vyekundu viwili. Upande wa pili, cheusi kimoja, vyekundu viwili vimekiganda. Akahesabu, akahesabu tena. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ukafunguka.

"Lakini hii iko sawa!" Akawageukia wanafunzi. "Hakuna kilichopotea. Hakuna kilichoongezeka. Si Collins alipata?"

Bridgit alikuwa ameanza kulia bila sauti.

"Mwalimu, mbona mnasema alikosa?"

Nabwire aliweka chaki chini. Alitamani awe mahali pengine popote duniani. "Alihesabu vizuri, Mama Collins. Hesabu yake haina kosa. Soma tena maneno ya juu."

Kalondu akasoma. "Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha."

"Hii ya Collins ni makaa yakiungua mahali penye hewa nyingi. Kila kaboni inapata oksijeni mbili. Hewa ikipungua, hazitoshi kugawana, kila kaboni inaambulia moja. Inakuwa hii." Akagusa C. "Hii ni kitu kingine kabisa. Ukiivuta inakaa kwenye damu, mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Mtu anasikia usingizi tu."

"Na hii ina moshi?"

"Haina."

"Harufu?"

"Haina harufu. Haina rangi. Jiko likiwa jekundu vizuri, bila moshi, bado inatoka. Hakuna anayeiona."

Kalondu aliangalia vifuniko. Vidole vyake vilichukua kimoja chekundu kutoka kwenye A, akakitenga kando, akabaki anakitazama. Huko nje kulikuwa na watoto wa madarasa ya chini wanacheza kati, wanarushiana mpira na kuhesabu kwa sauti. Nabwire hakuthubutu kumgusa.

Hatimaye mama huyo akageuka, akasimama mbele ya darasa palepale wanaposimama wenye majibu. Hakuna aliyemwambia sheria. Alisema kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia.

"Jibu la Collins halifai," alisema. "Halifai kwa sababu hewa haikutosha. Dirisha nilikuwa nimelipiga nailoni. Maji yalikuwa yanaingia kwa mlango, nikachukua gunia nikaziba hapo chini, kwa nje, nikienda. Nikasukuma na mguu mpaka nikaona hakuna mahali pamebaki wazi."

Morris alitoka nje.

"Nilitaka uje kesho useme kwa wazee, baba. Usije," Kalondu akamwambia Austine. "Wazee wasikae. Katunge nitamwendea mimi leo, kabla sijafungua mlango wangu."

Akashika njia. Nabwire akamfuata hadi nje ya darasa, akamshika mkono, akasema yale ambayo watu husema: hukujua, mama, hakuna mama ambaye angejua, ulitaka asisikie baridi. Alikuwa anayasema kwa moyo wake wote, na yalikuwa kweli, na aliyaona yakianguka chini bila kumfikia.

Kalondu alimsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza.

"Mimi sikujua, sawa," alisema. "Na yeye? Alikuwa anasoma hiyo kitu. Ile usiku, yeye alijua?"

Kama Nabwire angesema ndiyo, angemfanya mtoto mzembe. Angesema sijui, angekuwa anajificha. Alimwona Collins amesimama Ijumaa ile akiuliza hewa itakosaje kutosha, na yeye mwenyewe, mwalimu wake, akicheka na sentensi ikiwa tayari ulimini.

"Hakujua," alisema. "Nilikuwa nimemwachia aitafute mwenyewe. Angejua Jumatatu."